Vichwa vya Misumari Vilivyoachwa Nje

Baada ya mvua kubwa zilizofurisha Tana mwishoni mwa miaka ya tisini, kila mwenye duka Garissa alitaka kitu kimoja: mahali pa kuweka mali juu. Maji yalikuwa yameingia madukani usiku na mchana, sukari ikayeyuka ndani ya magunia, unga ukaota ukungu, na vitambaa vikatoka rangi na kuchafuana. Mto ulirudi mahali pake, lakini watu hawakurudi kuuamini. Nilikuwa na karakana ndogo ya useremala katika mtaa wa Iftin, na kwa miezi mingi sikutengeneza kitanda wala mlango. Nilijenga dari, yaani sakafu ya mbao ndani ya duka, juu kidogo ya vichwa vya watu, ambapo magunia yangelala bila kuogopa maji.

Mmoja wa walionijia alikuwa mama mjane aliyeuza sukari, mchele na maziwa ya unga. Alikuwa mrefu, sauti yake ya chini, na alikuwa na tabia ya kukusikiliza mpaka mwisho kisha kunyamaza kidogo kabla ya kujibu, hata ukafikiri hakusikia. Mafuriko yalikuwa yamemlia karibu duka zima. Ndugu yake, mwenye lori, alimwahidi kumletea shehena ya sukari kutoka Mandera kabla ya Ramadhani, na shehena hiyo ndiyo ingemsimamisha tena. Ikiharibika, aliniambia bila kupandisha sauti, atarudi kwa jamaa zake Buna kuchunga mbuzi wa watu wengine.

Alikuwa na sharti moja, nalo alilitoa kwa lafudhi ya Kisomali, ambayo mara nyingi hugeuza p kuwa b.

"Hii kitu lazima ifunguke," alisema. "Bloti si yangu. Mwenyewe akisema toka, nitatoka na mbao yangu yote."

Ploti ilikuwa ya mtu wa ukoo wake, mzee aliyeishi upande wa pili wa mji. Kabla ya mvua alikuwa amegusia kwamba huenda wanawe wakaihitaji. Hakusema lini. Mama yule alikuwa amekwisha kuhamisha duka zaidi ya mara moja maishani mwake, na kila mara alihama na mabati, milango na hata rafu zake.

"Sisi tukijenga aqal," aliniambia, akimaanisha ile nyumba ya kuhama ambayo wanawake wa Kisomali huisimamisha kwa fito na mikeka, "hakuna kitu inatobolewa. Ni kamba tu. Unafungua, unabakia ngamia, unaenda. Mama yangu alifungua nyumba yake kabla chai haijachemka."

Nikamwambia kwamba aqal hubeba mikeka na upepo, lakini dari yake ingebeba magunia ya sukari, tena yeye mwenyewe angekaa chini yake akiuza. Kisha akasema nijenge ninavyojua, lakini ifunguke.

Nililifikiria sharti lile kwa siku kadhaa. Halikuwa sharti la kipuuzi. Mbao Garissa hazioti. Zinakuja kwa lori kutoka Meru na Nyeri, zingine zikiwa mbichi bado, na mtu akiwa nazo hazitupi. Nikachora mpango ufuatao. Nguzo nne zingesimama kwenye misingi midogo ya zege, mbili upande wa mbele wa duka na mbili upande wa nyuma. Juu ya kila jozi ya nguzo ingelala boriti nene. Nguzo ningezichonga bega, ili boriti ikae juu yake mbao kwa mbao, kisha bolti mbili zipite katikati ziishike. Bega libebe, bolti zizuie boriti isiteleze wala kupinduka. Pale mzigo wa mbao nyingi unapokusanyika mahali pamoja, misumari haitoshi. Ukitaka itoshe utapiga mingi mpaka upasue mbao. Bolti inafanya kazi hiyo kwa unene wake, na washa pana, kile kibati cha duara chenye tundu, chini ya nati huizuia isizame kwenye mbao laini kama ya saiprasi. Na bolti hufunguka kwa spana. Hapo mama yule angepata alichotaka.

Tatizo lilikuwa mbao za sakafu, zile zinazotoka boriti moja kwenda nyingine na kubeba magunia yenyewe. Mafundi wengi mjini walipiga misumari mirefu kupitia ubavu wa boriti mpaka ndani ya kichwa cha mbao ya sakafu. Kwa macho inapendeza. Lakini msumari ulioingia kwenye kichwa cha mbao umeingia sambamba na nyuzi zake, na nyuzi hizo haziushiki. Ni kama kuchomeka kijiti kwenye ufagio. Mbao ikikauka, na Garissa inakausha mbao kwa wiki chache tu, msumari unatoka wenyewe pole pole. Niliziona dari mbili za namna hiyo zikining'inia vibaya sokoni.

Nilikuwa na bahati. Kontrakta mmoja aliyemaliza kujenga maghala upande wa Dadaab alikuwa ameuza mabaki yake, nami nikanunua kreti moja. Ndani yake mlikuwa na vyuma vyembamba vilivyokunjwa kama sanduku lisilo na kifuniko, na mabawa mawili yenye matundu. Sisi tuliviita viatu, maana kichwa cha mbao ya sakafu kinavaa ndani yake. Mabawa hupigiliwa kwenye ubavu wa boriti kwa misumari mifupi minene, mbao ikakaa juu ya soli, na misumari mingine ikapita kwenye kuta za kiatu kuishika mbao isijiviringe wala kuinuka. Mzigo unashuka kutoka mbao hadi kwenye soli, kutoka soli hadi kwenye mabawa, na kutoka mabawa hadi kwenye misumari, ambayo sasa inasukumwa kwa pembeni, kukingama na nyuzi za boriti. Hapo ndipo msumari unapokuwa na nguvu. Ukiuvuta kwa urefu wake unatoka. Ukiusukuma kwa ubavu unakataa.

Katika kreti ileile mlikuwa na mabati bapa yenye meno mengi upande mmoja. Fundi mwenzangu aliyapenda mara moja.

Nimseme huyo fundi. Alitoka Mandera, na ujana wake wote alikuwa akisimamisha na kubomoa vibanda vya soko la mpakani, pale ambapo leo unauza hapa na kesho unaambiwa uende kule. Sijafanya kazi na mtu mwenye mkono mwepesi kama wake. Kila aliponiona nikipima mara ya pili, alicheka.

"Nyinyi watu wa Kenya," aliniambia, kwa maana mimi nilikuwa wa Mwingi, na kwao Kenya ilianzia ng'ambo ya daraja la Tana, "mnajenga kama mtazikwa ndani."

"Na wewe unajenga kama askari anakuja."

"Askari alikuwa anakuja, walaal," akajibu, akiniita ndugu. "Kila wiki."

Alitaka tuyapige yale mabati ya meno kwa nyundo, tuunganishe mbao za sakafu kwenye boriti bila kusumbuka na viatu. Nilimwonyesha kenchi za duka, zile pembetatu za mbao zilizobeba paa, ambazo mwenye ploti alizileta zikiwa tayari kutoka Nairobi. Kila kiungo kilikuwa na bati kama yale pande zote mbili, meno yamezama yote sawasawa. Meno hayo husukumwa na mashine, pande zote mbili kwa pamoja. Ukiyapiga kwa nyundo, yanayoingia kwanza yanapinda kabla ya mengine kufika. Tena bati lile kazi yake ni kushika vipande viwili vilivyolala bapa kimoja kando ya kingine, vikivutana au kusukumana ndani ya kenchi. Si kiatu. Halina soli ya kukalia.

Aliligeuza moja mkononi, akalijaribu kwa nyundo kwenye kipande cha mbao, akatazama meno yaliyolala kama nyasi zilizokanyagwa, akalitupa.

"Sawa. Hii ni ya mashine."

Mama mwenye duka naye aliuliza kama anaweza kufunga roda, gurudumu la kuvutia kamba, kwenye mbao ya chini ya kenchi ili apandishie magunia. Nikakataa kwa sababu hiyohiyo. Kenchi ile ilipangwa ibebe mabati ya paa na msukumo wa upepo. Ukining'iniza gunia katikati ya mbao yake ya chini, unaipinda mahali ambapo hakuna aliyeipanga ipindwe, na viungo vyake vinaanza kutetereka. Magunia yangepanda ngazi mgongoni mwa wabebaji.

Tulisimamisha nguzo na boriti, tukafunga bolti. Kisha nikaitwa Wajir kutengeneza milango ya shule, kazi niliyokuwa nimeahidi kabla ya mafuriko. Nikamwachia mwenzangu viatu na misumari yake, nikamwambia kila tundu lipate msumari, nikaondoka. Nilijua nikirudi mbao zitakuwa zimekauka kidogo na nati zitakuwa zimelegea, kwa hiyo nilimwambia mama asiweke kitu juu mpaka nipite na spana.

Nilirudi siku ambayo lori la Mandera lilikuwa limeegeshwa nje ya duka. Ndugu ya mama alikuwa amekaa kwenye kibao akinywa chai, vumbi la njia nzima bado nyusini. Wabebaji wanne walikuwa wamekwisha kujifunga vitambaa kichwani. Mwenzangu alikuwa juu ya ngazi akifagia sakafu mpya ya dari, na kwa kweli ilipendeza: mbao zimenyooka, nafasi sawa, hakuna iliyoinama.

Nikaanza na nati. Zilikuwa zimelegea kama nilivyotarajia, zingine kiasi cha kuzungushwa kwa vidole. Nilizikaza moja moja, nikisikia washa zikibana. Nilipofika kwenye boriti ya nyuma, macho yangu yakawa sawa na viatu.

Kila tundu lilikuwa na msumari, kama nilivyosema. Lakini hakuna hata mmoja uliokuwa umezama. Vichwa vyote vilikuwa vimeachwa nje, unene wa kidole kidogo, vyote kwa urefu mmoja, nadhifu kama vifungo vya koti. Na kwa sababu hakuna kichwa kilichokibana chuma, mabawa ya viatu yalikuwa yameachana na boriti kidogo, kiasi cha kupitisha ukucha.

Nilimwita mwenzangu. Nikamwuliza kama misumari ilikataa kuingia.

"Imekataa wapi? Nimeacha. Ndio ing'oke." Akachukua nyundo, akapachika ulimi wake wa nyuma kwenye kichwa cha msumari mmoja, akanionyesha jinsi ungetoka kwa mkono mmoja. "Wewe ulisema ifunguke. Eeddo alisema ifunguke. Ukizamisha hii, siku ya kuhama utang'oa na nini? Utararua mbao."

Eeddo ni shangazi. Ndivyo alivyomwita mama yule kwa heshima. Na sikuweza kumwambia kwamba alikuwa mzembe, maana hakuwa. Alikuwa amefanya kwa uangalifu mkubwa kile alichokifanya tangu utoto. Kwenye kibanda cha mabati, kilichobeba jua na mtu aliyeegemea tu, msumari ulioachwa kichwa ni akili. Soko zima la mpakani lilisimama juu ya vichwa vya namna hiyo.

"Funguka ilikuwa ya bolti," nilimwambia. "Si ya hii."

"Tofauti iko wapi? Zote ni chuma kwa mbao."

Mama alikuwa amesogea akatusikiliza. Ndugu yake aliweka kikombe chini.

"Kuna nini?" aliuliza. "Mimi naenda leo. Lori ina mzigo ingine ya Mwingi."

Nikaona maneno hayatatosha. Niliomba wabebaji wanne wapande ngazi, wakae wote kwenye mbao moja ya sakafu, karibu na boriti ya nyuma, na mimi na mwenzangu na mama tukasimama chini pembeni tukitazama kiatu chake. Walipanda wakitaniana. Mmoja alisema kama wataanguka, waanguke juu ya fundi kwanza. Wakakaa, miguu ikining'inia.

Kiatu kilishuka. Si sana, unene wa shilingi labda. Lakini tulikiona kikishuka, na tulisikia mlio mfupi wa chuma kikisugua mbao. Ile misumari iliyokuwa imenyooka kama vifungo ilikuwa imeinamisha vichwa chini, yote kwa pamoja.

"Shukeni," nilisema. "Pole pole."

Mwenzangu aligusa vichwa vile kwa kidole.

"Imebinda," alisema, "haikung'oka."

"Haikung'oka. Msumari ukizama mpaka kichwa, umebanwa na chuma na mbao pamoja. Mzigo ukishuka unajaribu kuukata, na kuukata msumari ni kazi. Ukiuacha nje, kati ya chuma na mbao kuna nafasi, na hapo mzigo haukati, unapinda. Hawa ni watu wanne. Gunia zitakaa hapo wiki nzima."

"Na Ramadhani," alisema mama.

"Na Ramadhani."

Ndugu yake alianza kusema kitu kwa Kisomali, naye akamnyamazisha kwa kuinua mkono bila kumtazama. Alikuwa akiangalia mahali pale chini ya dari ambapo kiti chake kilikuwa, karibu na mizani.

"Ukibiga mpaka ndani," aliniuliza, "siku ya kutoka nitabata nini?"

Nilimjibu kwa ukweli niliokuwa nao. Nguzo na boriti zitafunguka kwa spana na kutoka nzima. Viatu havitatoka vizuri. Vingi vitapinda, na hata vikitoka sitavitumia tena pahali pa mzigo. Mbao za sakafu tutazikata karibu na kiatu, nazo zitakuwa fupi. Nikamwambia atapoteza kiasi.

"Hatuwezi kubiga nusu? Nusu ndani, nusu nje?" aliuliza ndugu yake.

"Iliyo nje haitasaidia iliyo ndani," mwenzangu alimjibu kabla yangu. Alisema kwa Kiswahili, nadhani ili mimi pia nisikie. "Ile ya ndani itabeba yote peke yake."

Basi mama yule akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alichukua shuka yake kwenye msumari ukutani, akajitanda, akamwambia ndugu yake anywe chai nyingine, na akatuambia mimi na mwenzangu tung'oe misumari iliyopinda, tuweke mipya, tupige mpaka ndani.

"Yote," alisema. "Mimi naenda kuongea na mwenye bloti."

"Sasa hivi, eeddo?" mwenzangu aliuliza. "Ngoja kwanza akubali, halafu tubige."

"Nikingoja, sukari inaenda Mwingi." Alikuwa tayari mlangoni. "Nikimaliza kubiga, nitakuwa na kitu ya kumwambia. Nitamwambia, nimebiga."

Akaondoka kwa mguu, haraka, kwenye jua la saa sita.

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi tangu wakati ule. Maisha yake yote alikuwa ameishi kwa vitu vinavyofunguka, na kwa watu waliojua kufungua. Kufunguka kulikuwa usalama wake. Ndiko kulikomfanya asiogope mwenye ploti, wala mto, wala ukame. Sasa mzigo uliotakiwa kumwokoa ulidai kitu kisichofunguka. Mimi ningesema ni suala la misumari tu. Yeye alielewa mapema kuliko mimi kwamba alikuwa akiulizwa kama anakaa.

Tulifanya kazi mpaka adhuhuri ikapita na baada yake. Misumari iliyopinda tuliitupa; haikunyooshwa. Mipya ilihitaji mahali papya penye mbao ngumu, kwa hiyo baadhi ya viatu tulivisogeza kidogo, na mbao zake nazo. Mwenzangu alipiga kila msumari mpaka kichwa kikabusu chuma, kisha akapiga mara moja zaidi, akasikiliza. Mlio hubadilika chuma kinapokaa sawa kwenye mbao: mwanzoni hulia kama sahani, halafu huwa mzito. Baada ya viatu vichache hakuhitaji kutazama.

"Hii," alisema wakati mmoja, akiwa na misumari mdomoni, "mtu hawezi kubomoa kabla ya askari kufika."

"Hapana."

"Basi askari afike tu."

Mama alirudi tukiwa tunafagia. Alikaa kwenye kiti chake akanywa maji kwanza. Ndugu yake, aliyekuwa amelala chini ya lori, alikuja akasimama mlangoni. Sote tulingoja.

"Amesema tutaongea baada ya Idi," alisema.

Hilo halikuwa ndiyo. Wala halikuwa hapana. Katika mji wetu wa wakati ule, mambo mengi ya ploti yalijibiwa hivyo, na mengine yalijibiwa hivyo kwa miaka. Mwenzangu alinitazama, kisha akamtazama yeye.

"Eeddo, tung'oe?"

"Maya." Hapana. Alisema bila haraka. "Nilimwambia nimebiga. Akauliza, umebiga na misumari? Nikamwambia na misumari, mpaka ndani. Alicheka. Akasema basi wewe umezaa hapo, huhami tena." Alijifunga shuka upya. "Pandisha sukari."

Wabebaji walianza kupanda. Nilikaa chini, nimeegemea nguzo ya nyuma, nikiangalia viatu gunia kwa gunia. Mbao za sakafu zilitoa milio midogo ya kukaa sawa, kama mtu mzima anapojituliza kitandani, kisha zikanyamaza. Hakuna kiatu kilichosogea. Mabawa yalikuwa yamelala kwenye boriti, vichwa vya misumari vimezama humo, huoni tena mahali pa kuingiza hata ukucha.

Lori lilipoondoka, duka lilikuwa na giza zaidi kidogo kuliko asubuhi, maana shehena ilizuia mwanga wa dirisha la juu. Mama alivuta kiti chake mpaka chini kabisa ya mzigo ule wote, akaweka mizani mapajani, akaanza kuifuta vumbi.